Barua ya Aliyekosa Zabuni

Nchini Kenya, siku taasisi ya umma inapomwarifu mzabuni kwamba amekosa kazi, hesabu ya siku 14 huanza. Ndani ya siku hizo taasisi hairuhusiwi kutia saini kandarasi na mshindi, na aliyekosa anaweza kwenda mbele ya Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, ile inayofahamika kwa herufi PPARB, akaomba uamuzi utazamwe upya. Zikipita, bodi haina tena mamlaka ya kumsikiliza, hata kama malalamiko yake ni ya kweli tupu. Barua ambayo wafanyabiashara wengi huisoma mara moja kwa uchungu kisha wakaisukuma kwenye droo ndiyo inayobeba muda huo, na ndiyo inayompa mtu sababu za kuutumia au kuuacha.

Nimesoma barua nyingi za aina hii, na nyingi ni mbaya. Ni fupi kupita kiasi, zimeandikwa kwa mkono mmoja kwa wazabuni wote, na anayezipokea hawezi kusema amekosa kwa sababu gani. Huo si upungufu wa adabu tu. Sheria imeeleza barua iwe na nini, na kuisoma sheria hiyo hakuhitaji mtu awe wakili.

Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 87, inasema kwamba mshindi anapoarifiwa kwa maandishi, wazabuni wengine wote nao waarifiwe kwa maandishi kwamba hawakufaulu, watajiwe mshindi na sababu. Kanuni za mwaka 2020, katika kanuni ya 82, zikaongeza mambo matatu. La kwanza, barua za waliokosa zitoke wakati uleule inapotoka barua ya aliyeshinda. La pili, sababu anazopewa mzabuni zihusu zabuni yake mwenyewe peke yake. La tatu, aelezwe jina la mshindi, bei ya mshindi, na kwa nini mshindi alishinda kulingana na kigezo kilichokuwa kimewekwa. Nyuma ya haya yote ipo Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 47 inampa mtu haki ya kupewa sababu za maandishi pale hatua ya kiutawala inapogusa haki zake.

Mwenye wajibu wa kuandika barua hiyo ni afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi: katibu wa wizara, afisa mkuu wa idara ya kaunti, mkurugenzi wa shirika, mwalimu mkuu wa shule ya upili. Kamati ya tathmini hupima zabuni, mkuu wa kitengo cha ununuzi huandika maoni yake ya kitaalamu, lakini uamuzi na sahihi ni vya afisa masuuli. Ukipokea barua iliyotiwa saini na mtu mwingine, angalia kama imeandikwa kwa niaba yake na kama kweli alimpa idhini hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, uliojengwa kwa mambo yanayotokea kila mwaka wa fedha. Hospitali moja ya kaunti inatangaza zabuni ya usafi wa wodi, vyoo na maeneo ya nje kwa mwaka mmoja. Kina mama wanne wenye kampuni ndogo ya usafi wanaleta zabuni. Tarehe 4 Machi bahasha zinafunguliwa mbele ya wote waliotaka kuhudhuria, na bei zinasomwa kwa sauti. Bei ya kina mama ni shilingi 8,640,000, sawa na 720,000 kwa mwezi. Hakuna aliyesoma bei ya chini kuliko hiyo. Wanarudi nyumbani wakiamini kazi ni yao.

Tarehe 16 Aprili wanapata baruapepe. Barua iliyoambatanishwa ina tarehe 11 Aprili, na mwili wake ni mistari michache:

“Tunarejelea zabuni iliyotajwa hapo juu. Tunasikitika kukufahamisha kwamba zabuni yako haikufaulu kwa kuwa haikukidhi masharti. Tunakushukuru kwa kushiriki na tunakutia moyo ushiriki tena siku zijazo.”

Barua hiyo ina adabu, na haisemi kitu. Masharti gani? Zabuni ya serikali hupita katika hatua tatu. Kwanza ni hatua ya awali, ambapo kamati hutazama kama karatasi za lazima zipo: cheti cha usajili, cheti cha ulipaji kodi, dhamana ya zabuni, fomu zilizotiwa saini, kurasa zilizopewa nambari mfululizo kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Anayeanguka hapo hasomwi zaidi. Wanaobaki hupimwa uwezo kwa alama au kwa masharti ya kiufundi. Wanaovuka hapo ndio peke yao bei zao hulinganishwa. Neno “hakukidhi” linaweza kumaanisha kukosa cheti kimoja, au kukosa alama sita za uwezo. Makosa hayo mawili yanarekebishwa kwa njia tofauti kabisa, na moja linaweza kuwa la haki na lingine la uonevu.

Barua hiyo pia haikutaja mshindi, wala bei yake, wala kwa nini alishinda. Kwa kipimo cha kifungu cha 87 na kanuni ya 82 ina kasoro, na kina mama wangeweza kwenda PPARB kwa kasoro hiyo pekee. Bodi imezoea mashauri ya namna hii. Mara nyingi inapokuta barua haina sababu za kueleweka, humwamuru afisa masuuli aziandike upya na kuzituma tena kwa wazabuni wote. Wiki kadhaa zinapotea, hospitali inaendelea kwa mkataba wa zamani au kwa vibarua wa muda, na yote hayo kwa sababu aya mbili hazikuandikwa.

Sasa tuandike aya hizo kama zilivyopaswa kuandikwa. Katika hati ya zabuni, uwezo ulipimwa kwa alama 100: uzoefu 30, wafanyakazi 25, vifaa 25, na mpango wa kazi 20. Alama ya kufaulu ilikuwa 70. Kina mama walipata 64. Barua njema ingesema hivi:

“Zabuni yako ilifaulu katika hatua ya awali. Katika tathmini ya uwezo ilipata alama 64, wakati alama ya chini iliyotakiwa ni 70, kwa hiyo haikuendelea hadi kulinganishwa bei. Uzoefu: alama 10 kati ya 30. Hati ya zabuni ilitaka kandarasi tatu za usafi wa hospitali au zahanati ndani ya miaka mitano iliyopita, kila moja ikiwa na barua ya mwajiri kuthibitisha kazi ilikamilika. Uliwasilisha kandarasi tatu. Ya kwanza ilikubaliwa. Ya pili, ukurasa wa 47, haikuwa na barua ya kukamilisha kazi. Ya tatu, ukurasa wa 52, ilikuwa ya usafi wa jengo la ofisi. Wafanyakazi: alama 21 kati ya 25. Vifaa: alama 23 kati ya 25. Mpango wa kazi: alama 10 kati ya 20, kwa kuwa haukueleza jinsi takataka za wodini zitakavyotenganishwa na kuhifadhiwa kabla ya kuchukuliwa.”

Kisha ingemtaja mshindi, bei yake ya shilingi 9,120,000, na sababu: ndiye aliyekuwa na bei ya chini kabisa miongoni mwa waliofaulu hatua mbili za mwanzo. Mwisho ingeeleza kwamba mzabuni anaweza kuomba kikao cha mrejesho, aandike kwa nani, na kwa muda gani.

Tazama namna kila sababu ilivyojengwa. Imetaja kigezo, ikasema hati ilitaka nini, ikasema kilichopatikana ni nini, na ikaonyesha ukurasa. Mama aliyeandaa zabuni akifungua nakala yake ukurasa wa 47 ataona mwenyewe kama barua ya kukamilisha kazi ipo au haipo. Kama haipo, hasira yake inageuka kuwa kazi ya kufanya: kumrudia mwajiri wa zamani na kumwomba barua. Kama ipo, basi amepata hoja yenye uzito, na anaweza kwenda nayo kwa afisa masuuli au kwa bodi bila kubahatisha. Sababu iliyoandikwa hivi inamnufaisha hata afisa mwenyewe, kwa maana akiulizwa na bodi au na wakaguzi hatalazimika kutafuta maneno mapya.

Tofauti ya shilingi 480,000 kati ya bei ya kina mama na ya mshindi ndiyo inayowasha maneno mitaani. Watu husema wa bei nafuu ameachwa, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Pengine upo, lakini bei pekee haiuthibitishi. Kigezo cha kawaida katika sheria ya Kenya ni bei ya chini iliyotathminiwa, na bei haifiki kutathminiwa mpaka mwenyewe avuke hatua zilizotangulia. Barua isiyolieleza hilo inamwacha mtu na tuhuma ambayo afisa angeweza kuijibu kwa sentensi moja.

Katika zabuni ileile kulikuwa na kampuni ya pili iliyoanguka, na ilianguka hatua ya awali. Hati ilitaka zabuni iwe hai kwa siku 120 tangu kufunguliwa, na dhamana ya zabuni iwe hai kwa siku 30 zaidi ya hapo. Siku 120 kutoka tarehe 4 Machi zinaishia tarehe 2 Julai. Ongeza 30, unafika tarehe 1 Agosti. Dhamana yao, iliyotolewa na kampuni ya bima, iliisha tarehe 30 Julai. Siku mbili tu, nao wakatolewa. Ni ukali, lakini dhamana iliyotajwa katika hati kama sharti la lazima haina nafasi ya huruma, kwa sababu kamati ikimsamehe huyu itakuwa imemwonea aliyehesabu sawasawa.

Barua waliyopata ilisema “dhamana yako ya zabuni si halali.” Mkurugenzi aliposoma hivyo alikimbilia kwa kampuni ya bima akidhani ameuziwa karatasi bandia. Dhamana ilikuwa ya kweli kabisa, ni fupi tu. Kama barua ingesema “dhamana yako inaisha tarehe 30 Julai, wakati hati ya zabuni kifungu fulani ilitaka iwe hai hadi tarehe 1 Agosti,” kusingekuwa na safari hiyo wala aibu hiyo, na mwaka unaofuata angehesabu siku kwa kalenda mkononi.

Maafisa wa ununuzi nao wana hofu zao, na si haki kuzidharau. Wengi wanaogopa kwamba kila neno litakaloandikwa litatumiwa dhidi yao mbele ya bodi, au kwamba watakuwa wamevunja usiri. Usiri upo kweli: kifungu cha 67 kinazuia kutoa habari za tathmini ovyo, pamoja na siri za kibiashara za wazabuni. Lakini kanuni ya 82 imekwishachora mpaka. Sababu za kushindwa kwako ni za zabuni yako, na hizo unapewa zote. Kuhusu mshindi unapewa jina, bei na sababu ya kushinda. Hupewi orodha ya wafanyakazi wake, mikataba yake ya zamani, wala namna alivyogawanya bei yake. Bei yenyewe si siri, kwa kuwa ilishasomwa kwa sauti siku ya kufungua bahasha. Afisa anayejua mpaka huu hana haja ya kujificha nyuma ya maneno “hukukidhi masharti.”

Kuna swali ambalo watu huuliza: kwa nini mshindi asubiri siku 14 wakati kazi ni ya haraka? Jibu lake zuri ninalolijua linatoka Austria. Mwaka 1996 serikali ya huko ilitangaza zabuni ya mfumo wa kielektroniki wa barabara kuu. Tarehe 5 Septemba mwaka huo kandarasi ilitolewa na ikatiwa saini siku hiyohiyo. Wengine walipopata habari, mkataba ulikuwa umeshafungwa, na sheria ya nchi hiyo wakati huo iliwaachia nafasi ya kudai fidia tu, bila uwezo wa kuutengua uamuzi. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Alcatel, ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 28 Oktoba 1999 ikaamuliwa kwamba lazima uamuzi wa kumpa mtu kazi uweze kupingwa na kutenguliwa kabla ya mkataba kutiwa saini. Maana yake ni kwamba kati ya kuarifu na kutia saini pawe na nafasi. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukaandika nafasi hiyo katika sheria yake, isiyopungua siku 10. Benki ya Dunia nayo iliiweka katika kanuni zake za ununuzi zilizoanza Julai 2016, siku 10 za kazi.

Kenya imeweka siku 14, katika kifungu cha 135. Tanzania ina mtindo wake: afisa masuuli hutoa kwanza notisi ya kusudio la kutoa tuzo kwa wazabuni wote walioshiriki, siku hizi kupitia mfumo wa NeST, ili mwenye lalamiko alitoe kabla ya tuzo yenyewe, na asiyeridhika ana nafasi ya kufika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Njia ni tofauti, lakini shabaha ni kwamba aliyekosa ajue mapema, na ajue kwa sababu gani.

Turudi kwa kina mama wetu na kikao cha mrejesho. Hati sanifu za zabuni zinazotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma ya Kenya zinasema kwamba mzabuni aliyekosa anaweza kuandika kuomba mrejesho kuhusu mambo mahususi ya zabuni yake, na taasisi impe ndani ya siku tano tangu ipokee ombi. Mrejesho unaweza kuwa wa maandishi au wa ana kwa ana, na nauli ni ya mzabuni mwenyewe. Wengi hawaombi. Wengine hudhani kikao hicho ni njia ya kubembeleza, na wengine wanaogopa kuonekana wakorofi wasipewe kazi tena. Hofu hiyo ya pili ina msingi katika miji midogo ambako kila mtu anamjua mwenzake, na ndiyo maana naona taasisi zingefanya vizuri kuutaja mrejesho katika kila barua kama jambo la kawaida, ili anayeuomba asionekane ameleta vita.

Ombi lenyewe liwe fupi na liwe na maswali yanayojibika. “Kwa nini mmetunyima?” halijibiki. Kina mama waliandika tarehe 17 Aprili wakiuliza mambo matatu: tulianguka hatua gani, alama zetu katika kila kigezo ni ngapi, na kila alama iliyopungua ilipungua kwa kukosekana nini katika ukurasa upi. Tarehe 22 Aprili wakaitwa hospitalini. Waliwakuta mkuu wa kitengo cha ununuzi na katibu wa kamati ya tathmini, na mezani palikuwa na zabuni yao wenyewe na muhtasari wa alama zao.

“Karibuni, kina mama,” mkuu wa kitengo alianza. “Leo tutazungumza kuhusu zabuni yenu tu. Za wengine siwezi kuzifungua.”

“Hatukuja kwa za wengine, mwanangu,” mama mkubwa akamjibu. “Tuonyeshe yetu ilipoanguka.”

Wakapitia ukurasa kwa ukurasa. Katika uzoefu, kina mama walikubali: barua ya kukamilisha kazi kweli haikuwamo, na jengo la ofisi si hospitali. Katika mpango wa kazi palikuwa na mabishano ya haki. Wao waliandika kwamba watatumia mifuko ya rangi, nyeusi kwa takataka za kawaida na njano kwa zenye maambukizi, lakini waliandika hayo katika sehemu ya vifaa, ukurasa wa 61, na kamati ikatafuta katika mpango wa kazi isiyaone. Katibu wa kamati alinukuu hoja hiyo. Hata hivyo, kwa hesabu yao wenyewe, kama wangepewa alama tano zaidi hapo wangefika 69, bado moja chini ya 70.

Kikao kama hiki hakibadilishi uamuzi. Anayekiendesha hana mamlaka ya kuongeza alama, na akijaribu kufanya hivyo atakuwa ameharibu zabuni nzima. Kazi yake ni kueleza yaliyoamuliwa na kwa nini, kwa maneno yaleyale yaliyomo katika ripoti ya tathmini. Hapo ndipo makosa hutokea. Afisa anayeogopa huongeza sababu mpya ambazo hazimo katika barua wala katika ripoti: “na pia tuliona kampuni yenu ni changa.” Kama uchanga wa kampuni haukuwa kigezo katika hati ya zabuni, kifungu cha 80 hakimruhusu mtu kuutumia, na neno hilo moja linaweza kuwa msingi wa rufaa. Mzabuni aende na daftari, aandike kilichosemwa, nani alisema, tarehe gani, kisha atume muhtasari kwa baruapepe siku hiyohiyo.

Jambo ninaloomba lisikike vizuri ni hili la saa. Nchini Kenya, kuomba mrejesho hakusimamishi zile siku 14. Katika miradi inayotumia kanuni za Benki ya Dunia mambo ni tofauti: ombi lifanywe ndani ya siku tatu za kazi, na mrejesho ukichelewa, muda wa kusubiri nao husogezwa mbele. Katika zabuni ya kawaida ya kaunti hakuna nyongeza hiyo. Afisa anaweza kukuambia kwa upole “njoo wiki ijayo,” halafu “daktari amesafiri,” na ukishtuka tarehe imepita.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Siku ya kuarifiwa haihesabiwi. Kina mama waliarifiwa tarehe 16 Aprili, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 17 na ya 14 ni tarehe 30. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Lakini barua yao ilikuwa na tarehe 11 Aprili, na anayehesabu kutoka hapo atasema muda uliisha tarehe 25. Ndiyo maana ushahidi wa siku barua ilipokufikia ni wa lazima: baruapepe yenyewe isifutwe, na barua ikija kwa mkono, andika juu yake tarehe na saa, na kwenye daftari la mpelekaji utie saini pamoja na tarehe hiyohiyo. Siku hizo tano kati ya tarehe 11 na 16 zina jambo lingine la kuuliza. Kama mshindi aliarifiwa tarehe 11 na wengine tarehe 16, basi sharti la kuarifu wote wakati mmoja limevunjwa.

Mambo mengine ya kutazama katika barua hayahitaji wakili. Linganisha bei ya mshindi iliyoandikwa na ile uliyoiandika siku ya kufungua bahasha. Zikitofautiana, uliza kwa maandishi mara moja. Fungua hati ya zabuni utafute kigezo unachoambiwa umekikosa. Kisipokuwemo, hiyo si sababu halali. Zungumza na wazabuni wenzako waliokosa, na kama barua zenu zote zina sentensi ileile, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyezipima sababu zenu moja moja. Na aliyeambiwa ameanguka hatua ya awali akaambiwa tena kwamba bei yake ilikuwa juu, barua yake inajipinga yenyewe, kwa kuwa bei yake haikupaswa kufikiwa.

Kwenda PPARB kuna ada na kuna dhamana ya kuweka, na mwenye kampuni ndogo aulize sekretarieti ya bodi kiasi chake kabla hajaamua. Ombi likishapokewa na afisa masuuli akaarifiwa, mchakato wa zabuni husimama. Bodi ina siku 21 za kuamua. Inaweza kulitupa ombi, kufuta uamuzi wa afisa, kumwelekeza arudie tathmini au barua, au kuamuru zabuni ianze upya. Asiyeridhika ana siku 14 nyingine za kwenda Mahakama Kuu. Kina mama wetu hawakwenda. Kwa alama 69 hata wakishinda hoja yao ya ukurasa wa 61, kesi isingewapa kazi, na fedha ya ada ilikuwa mishahara ya wafanyakazi wao. Uamuzi huo waliufanya kwa sababu walikuwa na alama mkononi. Wasingekuwa nazo, wangelipa ada kutafuta kitu ambacho barua ya ukurasa mmoja ingewaambia bure.

Kwa maafisa wanaoandika barua hizi, ombi langu ni dogo: ripoti ya tathmini iko mezani kwenu tayari, na sababu ya kila mzabuni imeshaandikwa humo na kamati. Inakilini katika barua yake, na nambari ya ukurasa, na mtume zote siku moja. Na kwako uliyepata barua ya namna hiyo wiki hii, andika tarehe iliyokufikia, hesabu siku 14 kwenye kalenda, na upeleke ombi la mrejesho kesho asubuhi.